Mruko Unaomtii Mchezaji

Anayetengeneza gemu za kuruka majukwaa hukutana mapema na lalamiko moja: "Nilibonyeza, lakini hakuruka." Mchezaji huapa kwamba kidole chake kilikuwa kwenye kitufe kabla mhusika hajaanguka shimoni. Mtengenezaji hufungua msimbo, akaupitia mstari kwa mstari, asione kosa lolote: mhusika hakuwa juu ya jukwaa wakati kitufe kilipobonyezwa, na sharti la kuruka ni kuwa juu ya jukwaa. Wote wawili wanasema kweli. Tatizo liko kwenye sharti lenyewe, kwa sababu linadai mambo mawili yatokee katika fremu ileile moja, yaani katika sehemu ya sitini ya sekunde, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutimiza hilo kila mara. Hoja yangu ni kwamba gemu inapaswa kutii kile mchezaji alichokusudia, si fremu aliyoipatia kwa bahati. Kazi hiyo hufanywa na vipima muda viwili vidogo, na vikiwekwa vizuri havipunguzi ugumu wa gemu hata kidogo pale ugumu unapohitajika.

Tuchukue gemu moja inayojulikana ili tusizungumze hewani. Celeste ilitoka mwaka 2018, na watengenezaji wake waliuweka hadharani msimbo unaomwendesha Madeline, mhusika wake mkuu, kwa hiyo namba zake si za kubahatisha. Madeline hukimbia kwa kasi ya pikseli 90 kwa sekunde. Gemu ikienda kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu humsogeza pikseli moja na nusu. Sasa fikiria shimo pana ambalo huvukwa tu kwa kuruka kutoka karibu na ukingo. Mchezaji anajua kwamba kila pikseli anayoiacha nyuma inamsaidia, kwa hiyo anasubiri. Akibonyeza fremu mbili mapema, anapoteza pikseli tatu za umbali, na huenda bado akavuka. Akibonyeza fremu mbili baada ya ukingo, amekufa. Makosa hayo mawili ni sawa kwa ukubwa, lakini adhabu zake zimepishana mno, na ramani yenyewe ndiyo iliyomvuta mchezaji kuelekea upande wenye kifo.

Kuna jambo la pili linalozidisha dhuluma hiyo, nalo ni kuchelewa kwa picha. Kile mchezaji anachokiona kwenye skrini si hali ya gemu ya sasa hivi. Picha huchorwa, hupelekwa kwenye skrini, na skrini nayo huchukua muda kuionyesha. Ishara ya kitufe pia huchukua muda kuufikia msimbo. Tuseme jumla ya ucheleweshaji huo ni fremu tatu tu. Mchezaji anapomwona Madeline kwenye pikseli ya mwisho ya jukwaa na kubonyeza papo hapo, kwa hesabu ya msimbo Madeline yuko pikseli nne na nusu mbele, hewani. Mchezaji huyo hakukosea. Amebonyeza hasa pale alipopaswa kubonyeza kwa mujibu wa macho yake, na gemu ikamwadhibu kwa kitu ambacho haikumwonyesha.

Dawa ya upande huu huitwa muda wa koyoti, kutokana na yule koyoti wa katuni za Road Runner zilizoanza mwaka 1949, ambaye hupita ukingo wa jabali akaendelea kukimbia hewani kabla ya kuanguka. Maana yake ni nyepesi: kwa muda mfupi baada ya miguu kuliacha jukwaa, gemu bado inamruhusu mhusika kuruka kana kwamba yuko juu yake. Katika Celeste muda huo ni sekunde 0.1. Kwa kasi ya pikseli 90 hiyo ni pikseli tisa, zaidi kidogo ya upana wa kigae kimoja cha ramani, ambacho ni pikseli nane. Na je, Madeline anakuwa ameanguka kiasi gani? Mvutano wa gemu hiyo huongeza kasi yake ya kuanguka kwa pikseli 900 kwa sekunde katika kila sekunde. Katika sehemu ya kumi ya sekunde ameshuka takriban pikseli nne na nusu, kama nusu ya kigae. Kwa mtu anayeitazama skrini nzima, macho yakiwa tayari yamehamia kule anakotaka kutua, umbali huo hauonekani kama kasoro. Unaonekana kama mruko uliofanyika ukingoni.

Upande wa pili ni kutua. Hapa mchezaji hukosea kinyume chake, yaani mapema. Anaanguka kuelekea jukwaa dogo na anataka kuruka tena mara tu anapoligusa, kwa hiyo anabonyeza kitufe huku akiona miguu inakaribia. Gemu isiyo na huruma huuliza papo hapo: uko juu ya jukwaa? La. Basi amri inatupwa, na fremu mbili baadaye mhusika anatua na kusimama tuli kama hakuna aliyemwambia kitu. Dawa yake ni bafa ya kitufe: gemu huikumbuka amri kwa muda mfupi na kuitekeleza mara jukwaa linapopatikana. Katika Celeste kumbukumbu hiyo ya kuruka hudumu sekunde 0.08. Madeline akianguka kwa kasi yake ya kawaida ya juu kabisa, pikseli 160 kwa sekunde, huo ni umbali wa pikseli kumi na tatu hivi kabla ya kugusa chini. Kadiri mhusika anavyoanguka kwa kasi ndivyo bafa inavyokuwa na kazi zaidi, kwa kuwa ni vigumu kwa jicho kupima kutua kwa kitu kinachoanguka mbio.

Katika msimbo, mambo haya mawili huwa jambo moja. Mfano huu ni wa injini ya Godot 4, ambako mhimili wa wima huhesabiwa kwenda chini, kwa hiyo kasi ya kuruka ni namba hasi:

```gdscript
extends CharacterBody2D

const MVUTANO := 900.0
const KASI_YA_KURUKA := -105.0
const KOYOTI := 0.10
const BAFA := 0.08
var koyoti := 0.0
var bafa := 0.0

func _physics_process(delta):
	if is_on_floor():
		koyoti = KOYOTI
	else:
		koyoti -= delta
		velocity.y += MVUTANO * delta

	if Input.is_action_just_pressed("ruka"):
		bafa = BAFA
	else:
		bafa -= delta

	if bafa > 0.0 and koyoti > 0.0:
		velocity.y = KASI_YA_KURUKA
		bafa = 0.0
		koyoti = 0.0

	move_and_slide()
```

Tazama sharti la mwisho. Haliulizi tena "amebonyeza sasa?" wala "yuko juu ya jukwaa sasa?" Linauliza kama amebonyeza hivi karibuni na kama alikuwa juu ya jukwaa hivi karibuni. Mruko wa kawaida, mruko uliochelewa na mruko uliowahi yote hupita mlango huo mmoja, na ndiyo maana sipendi kuona ikiandikwa kama matawi matatu ya msimbo. Matawi matatu hupishana baada ya miezi michache: moja huwekewa sauti ya kuruka na jingine husahauliwa, moja hurekebishwa kasi na jingine hubaki na kasi ya zamani.

Mistari hiyo ni michache, lakini kila mmoja una namna yake ya kuharibika. Wa kwanza ni ule unaoweka kasi ya kuruka. Ukiandika `+=` badala ya `=`, gemu itafanya kazi vizuri kabisa unapojaribu ukiwa umesimama, halafu itakusaliti ukingoni. Rudi kwenye namba za Celeste: kasi ya kuruka ni pikseli 105 kwa sekunde kwenda juu. Mhusika aliyeanguka kwa sehemu ya kumi ya sekunde tayari ana kasi ya 90 kwenda chini. Ukijumlisha, anabaki na 15 tu kwenda juu, mruko mdogo usiovuka chochote. Mchezaji atasema gemu wakati mwingine "inaruka nusu", na utahangaika kuitafuta hitilafu kwenye uhuishaji. Dalili yake ni hii: mruko mbovu hutokea pembezoni tu, na huzidi kuwa mbovu kadiri anavyochelewa. Kasi ya zamani inapaswa kufutwa, si kuongezewa.

Mstari wa pili wenye hatari ni ule unaorudisha vipima muda kwenye sifuri. Usipoifuta koyoti baada ya kuruka, mchezaji mwenye vidole vyepesi atabonyeza tena ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde na kuruka mara ya pili hewani. Hata ukiifuta, hitilafu hiyohiyo inaweza kurudi kwa mlango wa nyuma kama unatambua jukwaa kwa mwale unaopimwa kutoka miguuni kwenda chini. Mwale wa pikseli nne bado utaligusa jukwaa fremu moja au mbili baada ya mhusika kuondoka, na utaijaza koyoti upya. Kinga yake ni kuijaza tu pale mhusika anapokuwa hapandi, yaani `velocity.y >= 0.0`. Vivyo hivyo, kila kitu kinachomtoa mhusika jukwaani pasipo yeye kuruka, iwe springi, pigo la adui au jukwaa analoamua kushuka kupitia kati yake, lazima kiifute koyoti palepale. La sivyo atagonga springi, kitufe kitabonyezwa, na mruko wa kawaida utafuta nguvu yote ya springi.

Bafa nayo ina mitego yake miwili. Katika gemu nyingi urefu wa mruko hutegemea mchezaji ameshikilia kitufe kwa muda gani, na watengenezaji wengi huupunguza mruko kwa kusubiri tukio la kitufe kuachiwa. Sasa mchezaji anagusa kitufe kidogo tu akiwa bado hewani, anakiachia, kisha anatua. Bafa inaamsha mruko, lakini tukio la kuachia limeshapita, kwa hiyo hakuna wa kuupunguza, na mhusika anapaa hadi kimo cha juu kabisa na kugonga miiba ya darini. Suluhisho ni kutosubiri tukio. Kila fremu mhusika anapopanda, uliza kama kitufe bado kimeshikiliwa kwa `Input.is_action_pressed("ruka")`, na kama hakijashikiliwa, mwongezee mvutano. Hapo mguso mdogo utazaa mruko mdogo hata ukitoka kwenye bafa. Mtego wa pili ni wa mazungumzo na menyu. Kitufe cha kuruka mara nyingi ndicho kinachofunga kisanduku cha maneno, na amri ile hubaki kwenye kumbukumbu: kisanduku kinafungwa, mhusika anaruka bila kuombwa. Futa bafa kila udhibiti unaporudishwa kwa mchezaji.

Wapo wanaopinga jambo hili zima, na pingamizi lao linastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema kuruka ukingoni ni ustadi, na kumpa mtu sehemu ya kumi ya sekunde ya bure ni kumpokonya nafasi ya kuujenga ustadi huo. Ningekubaliana nao kama ugumu wa gemu hizi ungekuwa katika kuipata fremu moja. Lakini Celeste yenyewe ni ushahidi dhidi yao. Ni gemu ngumu, wachezaji hufa mara mia kadhaa kabla ya kufika kileleni, na bado ina vipima muda hivi viwili pamoja na huruma nyingine ndogo, kama ile ya kumsogeza Madeline pembeni hadi pikseli nne pale kichwa chake kinapogonga kona ya dari akiruka. Ugumu wake uko kwenye kusoma chumba, kupanga njia na kutekeleza mfululizo wa mienendo bila kutetereka. Hapo mchezaji anapokufa anajua alichokosea, kwa hiyo anajifunza. Kifo cha fremu moja ukingoni hakimfundishi chochote, maana hakuona kosa lake, na mara ya pili anaweza kufanya vilevile akavuka.

Wengine wanapinga kwa njia tofauti: badala ya kufunika ucheleweshaji, uondoe. Nusu ya maneno hayo ni sahihi kabisa, na ningemshauri kila mtengenezaji aanze nayo. Ikiwa uhuishaji wa mhusika una fremu nne za kuchuchumaa kabla ya kunyanyuka, ziondoe. Mwache anyanyuke fremu ileile, na mkunjo wa mwili uonyeshwe akiwa tayari hewani. Hakuna bafa itakayookoa mruko unaoanza kwa kusitasita. Hata hivyo, skrini ya mchezaji si yako, wala kidole chake. Ucheleweshaji ukipungua hadi kiwango cha chini kabisa, mvuto wa ukingo ule unaomfanya asubiri mpaka dakika ya mwisho bado upo.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwangu: kwamba mruko uliorefushwa unavuruga ramani, kwa kuwa shimo lililopimwa kutovukika sasa linavukika. Ni kweli, na jibu lake liko kwa mchoraji wa ramani. Shimo linalopaswa kuvukwa lipimwe kwa mruko wa kawaida kutoka juu ya jukwaa, koyoti ikiwa sifuri, na libaki na nafasi kidogo. Shimo lisilopaswa kuvukwa lipimwe kwa mruko mrefu kabisa koyoti ikiwemo, na lizidi hapo. Anayevunja kanuni ile ya kwanza, akaweka shimo linalohitaji koyoti ili kuvukwa, ameigeuza kinga kuwa sharti, na amelirudisha lalamiko lilelile la mwanzo pikseli tisa mbele.

Swali linalobaki ni ukubwa, na hapa ushauri wa "weka 0.1 tu" hautoshi, kwa sababu kasi ya mhusika wako na ukubwa wa vigae vyako si vya Celeste. Njia ya kuaminika ni kupima. Weka `KOYOTI` na `BAFA` ziwe fupi kuliko fremu moja lakini zaidi ya sifuri, ili mruko wa kawaida tu upite, kisha andika kwenye faili kila mbonyezo uliokataliwa: sekunde ngapi zilikuwa zimepita tangu miguu iliache jukwaa, na sekunde ngapi zilibaki kabla ya kutua kunakofuata. Wape gemu watu ambao hawajawahi kuicheza, na usiwaambie unachopima. Ukizichora namba hizo kwenye grafu, tafuta sehemu mbili. Mibonyezo ya nia njema hurundikana karibu na sifuri na kupungua haraka. Mibonyezo ya hofu, ile ya mtu anayeanguka na kugonga kitufe ovyo, hutawanyika mbali bila umbo. Muda wako ufunike rundo na uishie pale linapokwisha. Ukizidisha, utaanza kutii hofu. Bafa ya sekunde 0.3 ndiyo mfano mbaya zaidi: mtu anabonyeza kwa wasiwasi katikati ya anguko, kisha anaona jukwaa linalofuata lina miiba na kuamua kusimama, lakini mara tu anapotua mhusika anaruka mwenyewe kuifuata miiba. Lalamiko jipya litakuwa "aliruka wakati sijabonyeza", na ni zito kuliko la kwanza.

Upimaji huo ufanyike kwenye kifaa watakachotumia wachezaji wako. Kwa anayelenga simu, kama walivyo watengenezaji wengi wa Afrika Mashariki, kitufe ni picha tu kwenye kioo. Kidole hakihisi mahali kinapoanzia, na hupotea nje yake bila mchezaji kujua, kwa hiyo rundo lile huwa pana zaidi. Simu za bei nafuu pia hushindwa kuchora fremu 60, na mguso huufikia msimbo pale fremu inayofuata inapoanza. Hii ndiyo sababu vipima muda viandikwe kwa sekunde, si kwa idadi ya fremu: fremu sita ni sehemu ya kumi ya sekunde kwenye kompyuta yako, lakini gemu inayokwenda kwa fremu 30 inazigeuza kuwa sehemu ya tano, na mhusika anayeruka akiwa hewani muda wote huo huonekana waziwazi kuwa anakanyaga hewa.

Kwa hiyo, kama mradi wako uko mezani sasa hivi, usianze kwa kubadilisha mvutano wala kimo cha mruko kwa sababu tu wanaoujaribu wanasema unahisi mzito. Andika kwanza mistari ya kurekodi mibonyezo iliyokataliwa, mpe simu mtu mmoja asiyeijua gemu yako, na uisome faili hiyo kabla hujagusa namba nyingine yoyote.